Safu ya Nne

Mfadhili alitupa siku kumi na mbili za kuandika mradi, na siku tano kati ya hizo umeme haukuwepo Kilibula, mtaa wetu hapa Uvira. Haikuwa ajabu. Shirika letu la kusaidia wakulima lilikuwa na vyumba viwili, mashine moja ya kuchapisha yenye hasira za mama mkwe, na dirisha linalotazama ziwa. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa miradi. Sikuwa mhandisi, wala sikuwahi kupanda mpunga hata shina moja. Kazi yangu ilikuwa kujaza jedwali, na nilijivuna kwamba Uvira nzima hakuna aliyelijaza vizuri kuliko mimi. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nilikosea kwa ujinga. Mlinzi wa maji wa Bwegera alikufa mahali nilipomweka mimi, kwa kalamu, nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Jedwali lenyewe kwetu linaitwa kadre lojiki, na hakuna mfadhili anayesoma ombi bila hilo. Lina mistari minne na safu nne. Safu ya kwanza husomwa kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa kuna shughuli, pamoja na pembejeo zake: saruji, mawe, nondo, mbegu, mikono ya wakulima wenyewe. Juu yake kuna mazao ya kazi hizo: mfereji uliokarabatiwa, mlango wa maji mpya, wakulima waliofundishwa kuvitunza. Mstari unaofuata ni badiliko tunalolitafuta, yaani watu wavune mpunga mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja. Na juu kabisa kuna lengo kubwa, watu wa bonde la Ruzizi waishi vizuri, ambalo kila mtu huliandika na hakuna anayeulizwa.

Safu ya pili ni ya viashiria: utajuaje kwamba jambo limetokea? Ya tatu ni ya vyanzo vya uthibitisho: utaonyesha daftari gani, picha gani, karatasi gani? Safu ya nne ni ya dhana. Hapo unaandika yale usiyoyatawala lakini ambayo mradi unayategemea. Tukifanya kazi zetu, na dhana hii ikisimama, tutapata mfereji. Tukiwa na mfereji, na dhana ile nyingine ikisimama, watu watavuna mara mbili. Dhana ikianguka, ngazi yote inakatika hapo.

Lakini safu ya nne huwa inajazwa siku ya mwisho, watu wakiwa na njaa na gari la kupeleka bahasha likipiga honi. Kila shirika lina sentensi zake za kunakili kutoka mradi wa zamani. Usalama unabaki tulivu. Hali ya hewa inabaki nzuri. Nilikuwa nimezinakili mara nyingi hivi kwamba zilitoka vidoleni zenyewe.

Kabla ya kuandika, tulipanda kijijini Bwegera kufanya mkutano na wakulima. Tulibandika kadi za rangi kwenye ukuta wa kanisa, kila mtu aseme tatizo lake: maji hayafiki, mfereji umebomoka, mbegu mbaya. Mwanamume mmoja wa miaka hamsini na kitu alikaa nyuma akinywa chai yenye sukari nyingi mno. Ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga mbao za mlango wa maji wa zamani, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Tulipomaliza alinifuata.

“Mama Proje,” akaniita. Jina hilo, mama wa mradi, alinipa yeye, na likaniganda. “Kuya nikuonyeshe kitu. Ile makadi yenu haikuifikia.”

Tulitembea kati ya majaruba mpaka mtoni, pale mfereji unapoanzia. Mto ule unashuka kutoka milimani kwa kasi, ukifika tambarare unapunguza mwendo na kutua mizigo yake. Nilisimama kwenye ukingo, kwenye mchanga mzuri mkavu, nikapiga picha.

“Weye unajua kuogelea?” aliniuliza.

“Hapana, Papa.”

“Basi usisimame pale.”

Nilicheka, naye akacheka, lakini hakuniruhusu kusimama pale. Alinionyesha mawe makubwa kama mbuzi katikati ya mto. “Ile majiwe, mwaka yenye kupita haikukuwa hapa. Mto iko inajaza kitanda yake. Siku itajaa, itapita wapi? Itarudi kwa njia yake ya zamani. Na ile njia njo hii unakanyaga.” Kisha akanionyesha matete, mstari mrefu wa kijani kibichi unaokatiza mashamba wakati kila kitu kingine kimekauka. Chini ya matete kulikuwa na mawe laini ya mviringo, mawe ya mtoni, mbali na mto. Hata mimi, mtu wa kiti, nilielewa nilichokuwa naona.

“Mulango ya maji muiweke kule juu,” akasema, akinyoosha kidole mahali bonde linapobanwa na mwamba. “Kule mto haina nguvu ya kuhama. Hapa, hata muweke simenti ya namna gani, ni kazi ya bure. Uandike ile, Mama Proje. Uandike vile nimesema.”

Nikaandika. Hilo nalitetea mbele ya mtu yeyote. Niliporudi Kilibula, kwenye safu ya nne, mstari wa mazao, niliandika: Mto haubadili njia yake kwenye mlango wa maji.

Mratibu wetu alisoma jedwali akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekulia bondeni, na njaa ya kule aliijua kwa tumbo lake. Alipofika kwenye sentensi ile alivua miwani.

“Dada, hii ni sumu.”

Nilijua anachosema. Tulifundishwa wote wawili darasa moja. Kila dhana lazima uiulize: ina uwezekano gani wa kusimama? Kama ni hakika, ifute, haina kazi. Kama inaelekea kusimama, iache na uiangalie mwaka hadi mwaka. Lakini kama inaelekea kuanguka, huruhusiwi kuiandika na kwenda kulala. Unabadili mradi uikwepe. Na ukishindwa kuubadili, unauacha.

“Basi tubadilishe,” nikasema. “Mlango tuupeleke juu, kwenye mwamba. Tuongeze mfereji wa kutoka kule.”

“Na vipimo? Fundi iko Bukavu mupaka mwisho wa mwezi. Dosie ya mradi inatoka kesho kutwa. Tukikosa hii, mwaka mwingine batatoa pesa kwa mambo ya mifugo, hapana mpunga.” Alikaa kwenye ukingo wa meza yangu. “Batu ya Bwegera bana njaa sasa. Mto ile, banasema itahama toka nikiwa mutoto. Ikihama, tutaona.”

Nilimbishia kidogo. Nikumbuke vizuri: nilimbishia kidogo sana. Moyoni nilitaka jedwali lipite, kwa sababu lilikuwa zuri, zuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Nikaifuta sentensi ya yule bwana, nikaweka: Hali ya hewa inabaki nzuri. Haikunichukua muda wa kupiga chafya.

Na uzuri wenyewe ulikuwa wapi? Kwenye safu ya tatu. Maombi yetu mawili ya awali yalikuwa yamekataliwa kwa sababu vyanzo vya uthibitisho vilikuwa vya kubahatisha. Safari hii nilijifunga kibwebwe. Ili watu wavune mara mbili, maji lazima yafike kimo fulani mfereji mzima, msimu wote wa pili. Hicho kikawa kiashiria. Na uthibitisho? Kipimo cha chuma chenye namba kisimikwe kando ya mlango wa maji, na mlinzi akisome mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, aandike kwenye daftari. Halafu nikafikiri: mlinzi akikaa kijijini karibu na barabara, nani ataamini kwamba anashuka kila siku? Kwa hiyo niliongeza zao jingine kwenye jedwali: kibanda cha mlinzi, kando ya mlango wa maji. Nilikichora mwenyewe kwenye ramani, pale kwenye mchanga mkavu.

Mfadhili alikubali. Katika barua yake alisifu safu ya tatu. Mratibu alinunua soda kwa ofisi nzima, tukanywa tukitazama ziwa, na mimi nikapewa mbili.

Mfereji ulijengwa na wakulima wenyewe, wanawake wakibeba mawe, na kazi ilikuwa safi. Kazi ya mlinzi ilikwenda kwa yule yule bwana wa chai, kwani hakuna mwingine aliyeyajua maji yale. Siku ya kumkabidhi kibanda alizunguka nje mara moja, akagonga ukuta kwa ngumi.

“Mumenijengea mu kinywa ya mto,” akasema. Watu walicheka, alikuwa mtani anayejulikana. Mkewe hakucheka. Alikuwa mwanamke mwembamba, muuza mihogo kando ya barabara, na tangu siku hiyo alikataa kulala pale hata mara moja. Alimletea mumewe chakula na kuondoka kabla giza halijaingia. Tulipopeana mikono alinishika kidole kwa muda mrefu kidogo.

“Bwana yangu alikuambia,” akasema.

“Aliniambia, mama. Tumeona jinsi ya kufanya.” Sikujua hata nilikuwa namaanisha nini.

Kila mwezi nilipanda kukagua daftari. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyeacha shule mapema, herufi kubwa zilizosimama mbalimbali, lakini safi. Asubuhi, jioni, asubuhi, jioni. Msimu wa pili wa mwaka wa kwanza maji yalifika, mpunga ukavunwa, na sisemi uongo, niliula. Watu walinipa furushi la mchele mpya nikaupika nyumbani, na kila mtu alisifu harufu yake. Viashiria vyote vilifika mahali pake. Kama ningekufa mwaka ule ningekufa nikijiona mtu mwema.

Mvua zilipoanza tena, nilikuta kwenye daftari mistari minne iliyo wazi, siku mbili nzima. Nilimwita nje. Mkewe alikuwepo, na wanakamati wawili.

“Papa, hapa kuna nini?”

“Hapo mvua ilinyesha, Mama Proje. Majiwe ilikuwa inalia huko juu. Nilipanda kwa nyumba yangu.”

Alimaanisha mngurumo wa mawe yanayosukumwa chini ya maji, kabla mto haujaonekana kupanda. Nilielewa. Lakini ripoti ya robo mwaka ilikuwa inanisubiri, na nilikuwa nimezoea kusifiwa.

“Mfadhili haoni mto,” nikamwambia. “Anaona daftari. Mstari ukiwa wazi, kwake ni kama maji hayakuwepo. Uthibitisho ukivunjika siku mbili, hawauamini hata siku nyingine. Andika hata mvua ikinyesha. Hasa mvua ikinyesha.”

Aliniangalia. Alikuwa na umri wa kaka yangu mkubwa, na nilikuwa nimemkaripia mbele ya mkewe.

“Sawa,” akasema. “Weye njo mukubwa.”

Tangu siku hiyo hakuna mstari uliobaki wazi. Niliona hivyo nikafurahi, na nikamtaja kwenye ripoti kama mfano.

Wiki chache baadaye nilikuwa ofisini, mchana, nikiona milima imefunikwa weusi kutoka kaskazini mpaka juu yetu. Ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa karibu na ufuo, na wavuvi walikuwa wakivuta mitumbwi juu kabisa kwenye nyasi, bila kelele zao za kawaida. Mvua haikufika Kilibula. Ilibaki kule juu, ikikaa mahali pamoja, saa baada ya saa. Nilijaribu kumpigia mwenyekiti wa kamati, simu haikupita. Nilijiambia ni mtandao.

Alinipigia yeye jioni. Alisema maneno mawili: “Mto umehama.”

Asubuhi tulipanda. Njiani, pale Luberizi, malori yalikuwa yamepanga foleni, na ng'ombe wamesimama katikati ya barabara kwa sababu malisho yao yalikuwa maji. Tulitembea sehemu iliyobaki kwa miguu. Pale penye mlango wa maji hapakuwa na mlango, wala kibanda, wala ukingo. Mto ulikuwa unapita kwenye mstari wa matete, sawasawa kabisa, kama mtu aliyerudi nyumbani kwake. Mfereji wetu ulikuwa mkavu, umejaa matope, ukielekea mahali ambapo mto haukuwepo tena.

Mke wa mlinzi alikuwa amekaa chini mbele ya nyumba yao kijijini, wanawake wamemzunguka. Walinipisha. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, bila kulia, na ningependa angelia.

“Alikuwa hapa. Saa saba mawe ilianza kulia, akapanda na batu bote. Alikula. Alikaa pale.” Akanionyesha kiti. “Ikafika karibu saa kumi na moja, akaangalia saa. Nikamuambia, usiende. Akaniambia, Mama Proje iko anakuya wiki hii. Akaniambia, ni dakika moja tu, ninaona namba, ninarudi.”

Walimpata siku ya tatu, chini, kuelekea mto Ruzizi.

Sasa nieleze jambo ambalo watu wasio wa kazi yetu hawalijui. Mradi ukianguka kwa sababu kazi haikufanyika, ni kosa lako. Mradi ukianguka kwa sababu dhana ya safu ya nne haikusimama, si kosa lako, kwani ulisema tangu mwanzo kwamba jambo hilo hulitawali. Mratibu alinitajia maneno ya ripoti akiwa ameshika kichwa, naye alikuwa hajalala kwa siku nyingi. Mazao yote yalipatikana kama ilivyopangwa. Badiliko lilipatikana kwa msimu mmoja. Dhana, hali ya hewa inabaki nzuri, haikusimama. Sentensi niliyoiweka ili kuficha ndiyo iliyotuosha. Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi kifo hakikutuumbua. Nilichapa ripoti, mashine ikatafuna ukurasa, nikauchapa tena.

Mfadhili alimtuma mtathmini, mama mmoja mtulivu kutoka mbali, mwenye Kiswahili cha vitabu na daftari lake mwenyewe. Tulikaa darasani shuleni Bwegera: yeye, mratibu, mimi, kamati, na mjane, ambaye alikuwa ameombwa aje. Kabla ya kikao mwenyekiti alikuwa amemweka kando wakazungumza. Nilijua wanazungumza nini, kwa sababu mratibu alikuwa amezungumza na mwenyekiti. Awamu ya pili ya mradi ilikuwa njiani. Mtathmini akiandika kwamba hatari ilijulikana na ikafichwa, hakutakuwa na awamu ya pili, hakutakuwa na mfereji, na mjane hatapata kazi ya kutunza ghala aliyokuwa ameahidiwa.

Mtathmini alifungua jedwali langu. Alipitisha kidole safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaguna kwa kuridhika. Kidole kikasimama kwenye ya nne.

“Nina swali moja,” akasema. “Wakati mradi huu unaandikwa, je, kuna mtu aliyejua kwamba mto unaweza kuhama mahali hapa?”

Mratibu aliangalia meza. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua, na kwamba hewa iliingia. Macho yangu yakakutana na ya mjane, naye ndiye aliyesema.

“Hapana, mama. Hakuna muntu alijua. Hata bwana yangu hakujua. Ni mambo ya Mungu.”

Mtathmini aliandika. Aliandika polepole, kwa heshima, akampa pole. Mimi nikafunga mdomo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada, na pamoja na aibu, Mungu anisamehe, niliona ahueni.

Tulipokuwa tunapanda gari, mjane alikuja upande wangu wa dirisha. Mratibu alikuwa anaagana na kamati. Mwanamke yule aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

“Miye nimesema uongo mbele ya Mungu sababu ya batoto yangu,” akasema. “Weye ulinyamaza sababu ya nini?”

Nilimwambia nitamjibu nikirudi. Sijarudi.